Mzigo umekataliwa getini: nauli ya boda ni ya nani?

"Sijalipa chochote, kwa hiyo sidaiwi chochote." Nauza viatu katikati ya jiji la Nairobi, na kauli hii naisikia kila wiki kwa wateja wanaokataa mzigo. Si kweli. Tukishakubaliana kwenye WhatsApp kiatu, saizi, bei na mahali pa kupeleka, tumeshauziana. Kilichosubiri mlangoni ni pesa tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mnunuzi anayekataa kupokea mzigo bila sababu ya haki afidie hasara aliyomsababishia muuzaji.

Chukua viatu vya shilingi 2,500 vya kwenda Donholm. Boda ni 300 kwenda, na 250 kurudi. Kijana wa boda yuko getini, helmeti mkononi, anapiga simu mara ya nne. Simu inashikwa: "Nimebadilisha nia, kaka, rudi navyo tu." Viatu ni saizi 42 kama alivyoagiza, rangi ni ileile. Hizo 550 ni deni la mteja.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: nimefunga saizi 40. Hapo 550 zote nazibeba mimi, hata mteja akiongea kwa ukali. Wala halazimiki kunirudishia viatu kwa gharama yake. Akishaniambia amevikataa, inatosha.

Wauzaji nao wana dhana yao, na hii huniuma zaidi: kwamba boda asipokabidhi mzigo halipwi. Yeye hakuagiza viatu. Amepatana na mimi niliyemtuma, na petroli imeungua kwenda na kurudi. Namlipa kwanza, halafu ndipo namfuata mteja.

"Lipa kwanza ndipo ufungue" pia si kanuni. Mnunuzi akiomba kukagua, sheria inamtaka muuzaji ampe nafasi ya kutosha, isipokuwa kama walipatana vingine. Kuvaa na kupiga hatua chache sebuleni ni kukagua. Kuvizungusha mtaani boda akingoja nusu saa ni jambo jingine.

Lakini kuwa na haki si kupata pesa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, ila sijaona anayefunga duka kwenda kudai 550. Ndiyo maana siku hizi naomba nauli ya kwenda kabla boda hajawasha pikipiki, na naandika hivi: "Saizi 42, nyeusi, 2,500 ukipokea. Nauli 300 sasa. Ukikataa bila kasoro, nauli hairudi na utalipa 250 za kurudisha. Kosa likiwa letu, unarudishiwa 300 zako." Nasubiri ajibu "sawa", kwa sababu sharti lililotumwa boda akiwa tayari getini si mapatano. Na nikikosea saizi, zile 300 zinarudi kwa M-Pesa siku hiyohiyo.