Je, wajua? Ile ch ya kipenzi changu imetoka wapi

"Mwalimu, mpenzi ni mtu na kipenzi ni mtu, tena mtu mmoja tu, mchumba wangu. Sasa kwa nini naandika mpenzi wangu halafu kipenzi changu? Nikiandika kipenzi wangu atacheka?"

Atacheka ndio, ila hatakuacha, maana atakuwa ameelewa. Aliyeniuliza ni kijana wa Kijerumani yuko hapa Tanga kikazi, mchumba wake mtu wa Pangani, na mi namfundisha Kiswahili jioni jioni barazani kwetu Ngamiani, kikombe cha kahawa katikati na watoto wa jirani wanamsahihisha bila kuombwa. Alikuja na simu mkononi, meseji ameshaiandika ila kaogopa kuituma, na meseji yenyewe ilikuwa hivi:

"Mpenzi yangu, kipenzi wangu, ua wangu, umeamkaje? Roho wangu inakukumbuka sana. Rafiki wangu wote wanakusalimia."

Mapenzi yamo, hilo halina ubishi. Ila karibu kila "angu" imevaa nguo ya mwenzake.

Tuanze na hiyo angu yenyewe. Peke yake ni mkia tu, haisimami mpaka ipate kichwa, na kichwa chake inakipata kwa jina lililotangulia. Kwa watu wa m na wa (mtu watu, mtoto watoto, mpenzi wapenzi) kichwa ni w, kwa hiyo wangu. Kwa majina ya ki na vi kichwa ni ki, sasa jaribu kusema "kiangu" haraka haraka mara tano uone ulimi unakupeleka wapi, unaishia changu. Ni mambo yaleyale yaliyotupa chombo na chumba, ndani yake kuna ki iliyokutana na irabu ikalainika ikawa ch, ndo maana vikiwa vingi unasikia vyombo, vyumba, na vipenzi vyangu. Kwa hiyo ch ya changu si kitu kigeni, ni ki ya kipenzi imejirudia mbele ya angu.

Mpaka hapo mwanafunzi wangu akatikisa kichwa, akasema sawa, lakini mbona jana ulisema "kinyozi wangu"? Kinyozi si ana ki? Hapo nikajua leo nina mwanafunzi kweli.

Na ni kweli. Kinyozi wangu, kijana wangu, kiongozi wetu, kipofu yule, wote wana ki mbele na wote tunawafuatishia w au y ya watu, hakuna anayesema kiongozi chetu. Kiswahili kina tabia ya kuangalia kilichomo ndani ya neno: kikikuta kitu kinachopumua, kinasahau ki na kukipa upatanisho wa mtu. Sasa kwa nini kipenzi kakataa kuhamia huko na wenzake?

Kwa sababu ki ya kinyozi haifanyi kazi yoyote ya hisia, ni jina la kazi tu, lakini ki ya kipenzi inafanya kazi. Ni ndugu ya ile ki ya kitoto. Ukimwita mtoto "kitoto changu" umemfanya mdogo makusudi, umemuweka kiganjani, na ukisema "kitoto wangu" unakuwa umeua ule udogo ulioutafuta. Ki hiyohiyo ukiigeuzia uso mbaya inakuwa dharau, kama "kijitu kile" unavyomsikia mtu akisema kwa hasira sokoni. Ikibembeleza au ikidharau, ki haikubali kunyang'anywa ch yake. Ndo maana ukisema "kinyozi changu" watu watageuka kukuangalia, umemfanya yule baba mwenye saluni kidoli.

Halafu kuna tofauti nyingine ya maana ambayo wanaojifunza hawaambiwi. Mpenzi ni mtu anayependa, au aliye ndani ya mapenzi na wewe, mapenzi yanatoka kwake pia. Hapa Tanga utasikia mtu ni mpenzi wa Coastal Union, yaani yeye ndiye anayeipenda timu, anakwenda Mkwakwani jua kali na sauti inamkauka. Lakini mchezaji anayependwa na hao mashabiki tunamwita kipenzi cha mashabiki. Umeona mshale ulivyogeuka? Mpenzi anapenda, kipenzi anapendwa. Mtoto wa mwisho ni kipenzi cha bibi, mwanafunzi fulani ni kipenzi cha mwalimu, hata paka wa nyumbani anaweza kuwa kipenzi cha familia, na wala hakuna uchumba hapo. Kwa hiyo ukimwandikia mchumba wako "mpenzi wangu" umesema tuko pamoja kwenye hili jambo, ukiandika "kipenzi changu" umesema wewe ndo unayependwa, mimi ndo nakubeba. Mi naona meseji ya asubuhi inataka ya pili, na meseji ya kuomba msamaha inataka ya kwanza, ila hayo ni maoni yangu, mke wangu ana yake.

Sa angalia mtego mmoja. Changu inabaki changu, lakini ukifika kwenye kitendo utu unarudi. Tunasema "kipenzi changu amefika", "kipenzi changu yuko wapi", hata kwenye matangazo ya msiba utasoma "kipenzi chetu ametutoka". Ukiandika "kipenzi changu kimefika", msomaji atadhani mzigo wako umeshushwa stendi. Kitoto ndo kinaweza kwenda na ki mpaka mwisho, "kitoto changu kinalia", kwa sababu pale udogo umekolea zaidi. Kipenzi yuko katikati, mguu mmoja kwenye ki na mguu mmoja kwa watu.

Turudi kwenye meseji ya kijana. "Mpenzi yangu" kaipata wapi? Kaisikia kwetu sisi, kwa sababu siku nzima anasikia mama yangu, dada yangu, rafiki yangu, shemeji yangu, akaona y ndo alama ya watu wa karibu. Na hajakosea sana kuwaza hivo! Majina ya ndugu na marafiki yasiyo na ile m ya mtu watu mbele yanachukua y kweli, wakati daktari, ambaye naye hana m hiyo, ni daktari wangu kwa sababu si wa nyumbani. Lakini mpenzi ana m yake wazi, sawa na mke, mume na mchumba, hao wote ni wangu hata uwapende vipi. Na hao rafiki wakiwa wengi y inageuka z, rafiki zangu wanakusalimia, au marafiki zangu, zote utazisikia.

Kuhusu wapenzi nilimwonya mapema. "Wapenzi wangu" nayo ina wangu ileile, ile m ya mbele tu ndo inageuka wa, na kidole kikiteleza kwenye simu ukatuma "wapenzi wangu habari za asubuhi" utakuwa umemtangazia binti wa watu kwamba mko wengi. Ukiandika "vipenzi vyangu" angalau watu watadhani unasalimia watoto.

Roho ikachukua dakika mbili tu: roho ni yangu, moyo ni wangu, na wangu ya moyo si ile ya mpenzi japo zinafanana sura. Ukitaka kuzitenganisha angalia kitendo kinachofuata, moyo wangu unakukumbuka, mpenzi wangu anakukumbuka.

Kilichotuchekesha mpaka kahawa ikamwagika ni "ua wangu". Jamani. Ua lenye maua ni la li na ya, kwa hiyo ua langu. Ua lingine lipo, ule uzio wa makuti au wa miti unaozunguka nyuma ya nyumba, pale ndani tunapopika na kuanika nguo, ndo huko uwani, na huo ndo "ua wangu", wingi wake nyua. Kwa hiyo kijana wa watu alikuwa anamwambia mchumba wake asubuhi asubuhi, ewe uzio wangu wa makuti, umeamkaje? Mtoto wa jirani akaongeza kwamba afadhali hakuishia "ua" peke yake, maana ingekuwa amri ya kuua mtu. Akitaka salama zaidi aseme waridi langu, au kama anataka kumchekesha mtu wa huku, chungwa langu la Muheza.

Akaniuliza basi mbona kwenye simu watu wanaandika "asali wangu" na "asali wa moyo", asali si ya chupa? Swali zuri. Asali ya chupa ni yangu: asali yangu iko kabatini. Ukimwita mtu asali, neno linavua asili yake na kuvaa utu, linakuwa asali wangu yuko kazini. Watu wanabadilisha bila hata kufikiri, na tofauti hiyo moja ndo inayomjulisha msikilizaji kwamba huongelei nyuki. Ua na waridi mara nyingi hubaki na langu yao, japo "waridi wangu" nayo utaisoma na hakuna atakayekusema. Habibi ndo kituko, kwa Kiarabu ile i ya mwisho tayari ni "wangu", na sisi wa pwani tunaongeza wangu nyingine juu, habibi wangu, mapenzi mara mbili kwa bei moja.

Mwishoni alitaka kujua asainije. Nikamwambia mkia tu ndo unabadilika, kichwa kinabaki: kipenzi changu akiandika yeye kumhusu binti, kipenzi chako akijiita mwenyewe mbele yake. Na akitaka fupi aandike "Wako", hapo w inatosha kwa sababu kila mtu anajua anayesaini ni mtu.

Ikatoka hivi:

"Mpenzi wangu, kipenzi changu, ua langu, umeamkaje? Roho yangu inakukumbuka sana. Rafiki zangu wote wanakusalimia. Ni mimi kipenzi chako."

Akatuma. Tukakaa kimya wote tunaiangalia simu, mimi, yeye na wale watoto. Majibu yakaja kabla kahawa haijapoa: "Leo umeandika kama mtu wa Ngamiani, sema ukweli nani kakushikia simu?"