Darasani kaandika hivi, mbona nyumbani kaandika vile?

Katika ofisi nyingi za walimu wa Kiswahili hapa Kigoma siku hizi kuna bahasha yenye insha fupi zilizoandikwa kwa mkono darasani. Kazi ya nyumbani ikija imechapwa na kunyooka kuliko kawaida, mwalimu huchomoa karatasi ya mwanafunzi yule na kuziweka mbili kando kwa kando. Utaratibu ni mzuri, ila imani zinazoandamana nao nyingine si za kweli, na kuna watoto wameitwa wezi kwa sababu yake.

Dhana: Darasani anaandika "gafla" na "zarau", nyumbani "ghafla" na "dharau". Kwa hiyo kazi si yake.

Ukweli: Tahajia ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Insha iliyochapwa imepitia steshenari, na kijana anayechapa pale Mwanga au Ujiji hurekebisha maneno anapoyaona, mara nyingi bila kuambiwa. Kama haikupita steshenari, imepita kwa dada au kaka aliyemaliza Kidato cha Sita. Isitoshe, mtu mwenye siku nne na kamusi hukosea kidogo kuliko mtu mwenye dakika 40 na kengele inayokaribia kulia. Tofauti ya gh na g, dh na z, au herufi kubwa na ndogo inakuonyesha kwamba kazi imesahihishwa. Nani aliitunga, hiyo haionyeshi.

Vinavyofaa kutazamwa ni vile ambavyo msahihishaji wa tahajia hana sababu ya kuvigusa. Kuna wanafunzi wanaoandika "samaki ambao wanavuliwa" kila mara, na wengine "samaki wanaovuliwa". Zote mbili ni sahihi, kwa hiyo wa steshenari anaziacha zilivyo. Kuna anayeunganisha kila kitu kwa "na pia", na kuna anayependa "hivyo basi". Yupo anayeweka mkato pale ambapo nukta ilitakiwa, sentensi tatu zikawa moja. Mazoea ya namna hii mwenyewe hayaoni, ndiyo maana hayafichi.

Dhana: Aliandika mbele ya macho yangu, kwa hiyo hiyo ni yake bila shaka.

Ukweli: Wanafunzi wetu wanakariri. Ukitoa mada kama "Umuhimu wa elimu" au "Madhara ya ukataji miti", nusu ya darasa itamwaga aya zilizokaririwa kutoka kwenye daftari la masomo ya ziada, tena kwa mwandiko safi. Ukiifanya karatasi hiyo kipimo, unapima mtunzi wa daftari. Baadaye mtoto akiandika kwa maneno yake halisi utaona ameshuka, na yule aliyedesa kutoka chanzo kilekile utaona "analingana".

Dawa yake ni mada ambayo haiwezi kuwa imekaririwa, itolewe palepale. Mfano: "Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti 2024, nini kilibadilika katika mtaa wenu?" Hakuna daftari lenye jibu la mtaa wa mtoto huyo.

Dhana: Ukilinganisha karatasi mbili unapata jibu.

Ukweli: Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo tuchukue mfano na kuufuata hatua kwa hatua.

Tuseme msichana wa Kidato cha Tatu ameandika darasani maneno 180 katika sentensi 12. Wastani ni maneno 15 kwa sentensi. Insha aliyoleta kutoka nyumbani, juu ya kufungwa kwa ziwa hilohilo, ina wastani wa maneno 20. Mwalimu anashtuka. Lakini hebu iangalie tena ile karatasi ya darasani: kama angesahau nukta tatu tu, sentensi zingekuwa 9, na 180 kwa 9 ni 20. Tofauti yote iliyomshtua mwalimu inaweza kuzaliwa na nukta tatu. Andiko fupi namna hii halibebi hesabu ya wastani. Ndiyo sababu karatasi moja haitoshi, zinahitajika tatu au nne. Tena ziwe za aina moja na kazi inayohojiwa, maana barua kwa rafiki na insha ya hoja haziandikwi kwa sauti moja hata na mtu mmoja.

Sasa tuache urefu wa sentensi, tuangalie mazoea. Katika karatasi zake nne za darasani, "amba-" imetokea karibu kila mahali ilipowezekana. Katika insha ya nyumbani yenye maneno 600 haimo hata mara moja: zote ni "wavuvi waliokaa", "bei iliyopanda", "boti zilizofungwa". Hilo ni jambo la kuuliza. Bado si hukumu.

Kwa hiyo unamwita, peke yake, na unamwomba akusimulie insha yake. Anaeleza bila kusita jinsi dagaa walivyoadimika mwalo wa Kibirizi, na jinsi mama yake alivyohamia kuuza mawese. Unampa nusu saa aandike upya aya moja ya insha ile, akiwa na vidokezo vyake mwenyewe. Hoja zinatoka zilezile, kwa mpangilio uleule, ila "ambao" na "ambazo" zimerudi. Unamuuliza nani alimsaidia. Anasema kaka aliipitia "kuinyoosha".

Maana yake ni kwamba mawazo ni yake, sentensi nyingi ni za kaka. Kwa maoni yangu hapo alama za hoja anastahili, na sehemu ya lugha airudie darasani. Mwalimu aliyeishia kwenye karatasi mbili mezani angempa sifuri kwa kitu alichokifikiri mwenyewe. Na kama angeshindwa kueleza mama alihamia biashara gani wakati insha imeandika waziwazi, mazungumzo yangekuwa mengine.

Dhana: Mwalimu mzoefu anatambua kwa kutazama tu.

Ukweli: Mwandiko mbaya hufanya andiko lionekane la mtu mwenye uwezo mdogo, na chapa safi hulipandisha. Macho yanahukumu kabla ya akili. Andiko la darasani lichapwe lilivyo, makosa yote yabaki, kwa herufi na ukubwa uleule wa kazi ya nyumbani. Kisha mpe mwalimu mwenzako zote mbili bila jina, katikati ya nyingine tatu za wanafunzi wengine, na umuulize zipi anadhani ni za mtu mmoja. Mara nyingi ule mwanya uliokuwa dhahiri unapungua sana.

Dhana: Sampuli ya Januari inafaa mwaka mzima.

Ukweli: Haifai, hasa Kidato cha Kwanza na cha Pili ambako uandishi hubadilika ndani ya muhula mmoja. Chukua nyingine kila baada ya wiki sita hivi, na juu ya kila karatasi andika tarehe, mada, dakika alizopewa, na kama aliruhusiwa kuandika rasimu kwanza. Bila hayo manne, Novemba hutajua unalinganisha nini na nini.