Mahali pengi, sababu moja: jinsi akiba inavyopotea kwa pamoja

Mkulima wa miwa wa eneo la Mumias, katika kaunti ya Kakamega, angeweza kujiona amegawa mali yake vizuri. Ana eka tatu za miwa zinazouzwa kwa kiwanda. Ana hisa za kampuni hiyohiyo ya sukari, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Ana duka mjini. Mwanawe ni kibarua kiwandani. Ukihesabu, hivyo ni vyanzo vinne vya mapato.

Kampuni ilipoanza kuyumba, miaka michache baada ya 2010, vyanzo hivyo vinne viligeuka kuwa kimoja. Miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa, kwa hiyo mkulima hawezi kubadilisha zao kwa msimu mmoja. Malipo ya miwa iliyokwisha kupelekwa yalichelewa, mengine kwa miaka. Bei ya hisa ilishuka hadi chini ya shilingi moja. Duka lilikosa wateja kwa sababu wateja wake walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kiwanda hichohicho. Septemba 2019 benki ya KCB, mmoja wa wadai wakubwa, iliweka meneja wa kuisimamia kampuni kwa sababu ya madeni, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni. Tangu hapo mwenye hisa hakuweza kuuza hata kwa hasara.

Swali la kwanza kuhusu akiba, basi, si kwamba imewekwa mahali pangapi. Ni hili: kuna tukio gani moja linaloweza kuviangusha vyote siku moja? Chukua karatasi, andika kila mahali ulipoweka fedha, na mbele ya kila kimoja andika sababu kuu inayoweza kukiharibu. Andika pia ajira yako au biashara yako, maana hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote kwa watu wengi, na watu wengi huisahau. Neno lilelile likijirudia mara mbili au tatu upande wa kulia (mwajiri wangu, mvua, bei ya ardhi ya mtaa huu, benki hii), hapo ndipo penye hatari, hata kama upande wa kushoto kuna mistari kumi. Mfanyakazi anayenunua hisa za mwajiri wake, akaweka akiba katika chama cha wafanyakazi wa mwajiri huyo, na kujenga nyumba ya kupangisha wafanyakazi wenzake, yuko pale alipokuwa mkulima wa Mumias.

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni hesabu ya kurudisha kilichopotea. Hasara na faida hazilingani hata zikiwa na asilimia ileile. Ukiwa na shilingi 600,000 na zikashuka kwa asilimia 50, umebaki na 300,000, na sasa unahitaji faida ya asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Zikishuka kwa asilimia 80, zimebaki 120,000, na unahitaji faida ya asilimia 400. Uwekezaji wa halali unaoweza kuahidi faida ya namna hiyo kwa muda mfupi haupo, na ndiyo maana aliyepoteza sana huwa rahisi kunaswa na matapeli wanaoahidi kumrudishia haraka. Hasara ndogo inasameheka, hasara kubwa humchukua mtu miaka yake ya kufanya kazi.

Sasa tuzigawe shilingi hizo 600,000. Huu ni mfano wa hesabu tu, si mgawo unaomfaa kila mtu. Shilingi 120,000 zinabaki kama fedha za dharura katika akaunti ya akiba, mahali unapoweza kuzichukua siku hiyohiyo. Shilingi 200,000 zinanunua hatifungani ya serikali ya miaka kumi, yaani unaikopesha serikali, inakulipa riba, na mwishoni inakurudishia mtaji wako. Shilingi 200,000 ziko katika chama cha akiba na mikopo chenye leseni. Shilingi 80,000 zinanunua hisa za kampuni nne zinazofanya kazi tofauti kabisa, tuseme benki, saruji, mawasiliano na bima, kila moja 20,000.

Kampuni moja kati ya hizo nne ikifa kabisa, kama wakati mwingine inavyotokea, umepoteza 20,000. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 3 ya akiba yote. Hatifungani ikiwa inalipa asilimia 12 kwa mwaka, inaleta 24,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10 zinabaki 21,600. Riba ya mwaka mmoja wa hatifungani imelipa kifo cha kampuni nzima. Aliyeweka zote 600,000 katika kampuni hiyo moja hana cha kufidia hasara hiyo.

Angalia pia kwamba mgawo huu hauzuii hasara. Unaifanya iwe ya ukubwa ambao sehemu nyingine za akiba zinaweza kuubeba, na una gharama yake: kampuni ya mawasiliano ikipanda mara tatu, utakuwa umenufaika kwa 20,000 zako tu na si kwa 600,000. Anayekuambia kwamba kugawa akiba ni bure, bila kuacha faida yoyote, hajasema kweli yote. Unaacha nafasi ya utajiri wa ghafla ili usiingie katika umaskini wa ghafla.

Kuna mgawo wa uongo, na huu ndio tunaouona zaidi. Mtu ana akaunti tatu katika benki moja: ya mshahara, ya akiba na ya amana ya muda maalumu. Kwa Shirika la Bima ya Amana la Kenya hizo ni fedha za mtu mmoja katika benki moja, zinajumlishwa, na bima ni hadi shilingi 500,000 tangu Julai 2020. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Mwenye shilingi 900,000 katika benki moja ana 400,000 zisizo na bima. Akizigawa 450,000 kwa benki mbili, zote zimefunikwa. Lakini bima haimalizi tatizo, kwa sababu kuna suala la muda. Imperial Bank ilipofungwa tarehe 13 Oktoba 2015, wenye amana walisubiri wiki nyingi kabla ya kuanza kulipwa sehemu ya fedha zao kupitia benki nyingine. Karo ya shule na bili ya hospitali hazisubiri. Kwa hiyo hata aliye chini ya kiwango cha bima anafaa awe na matumizi ya mwezi mmoja au miwili katika benki ya pili. Na vyama vya akiba na mikopo haviingii katika bima hii ya benki. Hilo ni la kukumbuka kabla ya kuweka kila kitu huko kwa sababu gawio ni zuri.

Mgawo mwingine wa uongo uko katika mifuko ya uwekezaji ya pamoja, ambamo meneja huwekeza fedha za watu wengi kwa pamoja. Mtu ananunua vipande vya mifuko mitatu ya hisa kutoka kwa mameneja watatu, akidhani amegawa mara tatu. Soko la Nairobi lina kampuni chache kubwa, na Safaricom peke yake ni sehemu kubwa sana ya thamani yake yote. Mifuko yote mitatu huenda imenunua kampuni zilezile tano. Dawa ni kuomba taarifa ya mfuko, karatasi ya ukurasa mmoja au miwili ambayo meneja hutoa mara kwa mara, na kusoma orodha ya mali kubwa kumi zinazomilikiwa. Weka karatasi za mifuko yako kando kwa kando. Majina yakiwa yaleyale, una mfuko mmoja unaolipia ada mara tatu.

Hatifungani za serikali nazo zina hatari yake, ingawa mara nyingi huuzwa kama kitu kisicho na hatari. Serikali ikilipa kila riba kwa wakati, bado unaweza kupata hasara ukilazimika kuuza kabla ya muda kuisha. Umenunua ya miaka kumi inayolipa asilimia 12, kisha riba za soko zikapanda hadi asilimia 16. Hakuna atakayekununulia yako kwa bei kamili wakati anaweza kupata mpya yenye riba kubwa zaidi. Kwa hesabu, kama bado imebakiza karibu miaka yote kumi, kila shilingi 100 za hatifungani yako zitauzwa kwa karibu 80. Usipouza, hupotezi kitu, utapata riba yako na mtaji wako wote mwishoni. Hii ndiyo sababu ya zile 120,000 za dharura: kazi yake kubwa ni kukuepusha kuuza hatifungani au hisa wakati mbaya, na riba ndogo zinazoleta si kitu cha kulalamikia. Aliyeweka zote katika hatifungani amegawa vibaya kama aliyeweka zote katika hisa, ila shida yake itaonekana siku ya ugonjwa. Mtu binafsi hununua hatifungani hizi moja kwa moja kutoka Benki Kuu ya Kenya kupitia mfumo wa DhowCSD, kwa kawaida kuanzia shilingi 50,000, kwa hiyo anaweza pia kugawa muda: 50,000 ya miaka miwili, 50,000 ya mitano, 100,000 ya kumi. Hivyo mtaji unarudi kwa zamu na hausubiri tarehe moja.

Je, ni kampuni ngapi zinatosha? Kutoka kampuni moja kwenda nne kunapunguza hatari nyingi sana. Kutoka nne kwenda kumi kunapunguza kiasi. Baada ya hapo, kila nyongeza inaleta nafuu kidogo na gharama ileile, kwa sababu dalali hutoza kamisheni kwa kila ununuzi na wewe unabaki na taarifa nyingi za hesabu ambazo husomi. Tena kuna hatari ambayo idadi ya kampuni haiigusi kabisa: soko zima linaposhuka, kumi zako zitashuka pamoja. Kinachokukinga hapo ni ile sehemu isiyo ya hisa.

Mwisho, mgawo mzuri huharibika wenyewe kwa sababu kilichofanikiwa hukua. Aliyekuwa na hisa 10,000 za Safaricom katikati ya mwaka 2021, bei ilipopita shilingi 40, alikuwa na zaidi ya 400,000, na huenda hizo zilikuwa nusu au zaidi ya akiba yake bila yeye kuamua iwe hivyo. Mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa chini ya shilingi 15, na hisa zilezile hazikufika 150,000. Kampuni haikufilisika, iliendelea kupata faida na kulipa gawio, na bado zaidi ya nusu ya thamani iliondoka. Chagua tarehe moja kila mwaka, kwa mfano wiki ya kwanza ya Januari, uandike upya thamani ya kila sehemu. Iliyopanda zaidi ya robo juu ya kiwango ulichoipangia, uza ziada hiyo na uipeleke kwenye sehemu iliyopungua. Fanya hivyo hata kama moyo unakuambia iendelee kupanda, na usiguse chochote kabla ya Januari nyingine, isipokuwa kwa dharura ya kweli.