"B imeshinda!" Imeshinda kwa watu wanane tu?

Jana nimepigiwa simu tena, mara hii na mteja wangu, mama mwenye gesti kule Shela, aliyegawa listi ya wageni nusu kwa nusu, A wapate kichwa kimoja cha imeili na B kingine, aone kipi kitafunguliwa zaidi. Furaha tele: "Kaka, B imeshinda, kuanzia leo kila imeili naanza na bei!" Mimi niko Malindi, kazi yangu ni kuwaandikia wenye gesti na majahazi barua za kuwarudisha wageni wa zamani, na maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha, bas leo nayaandika.

Dhana: kichwa kilichofunguliwa zaidi ndo bora

Hii ndo inayonikera kuliko zote. Listi ya huyu mama ina wageni 400, wengi wa Nairobi na Mombasa. Nusu walipata kichwa A, "Kusi limetulia, chumba chako kipo", nusu wakapata B, chenye bei ya siku 4 kwa watu wawili. A wakafungua 44, B wakafungua 52. Yeye anaona 22 kwa mia dhidi ya 26 kwa mia, mimi naona watu wanane, na watu wanane ni yule aliyekuwa kwenye matatu, yule simu ilizima chaji, yule mwenye harusi wiki ile.

Hakuniamini, nikamwambia haya, barua ijayo tuma kichwa kimoja kilekile kwa pande zote mbili, usibadilishe hata nukta. Majibu yakaja 51 na 42. Kichwa ni kimoja na tofauti ni watu 9, yaani kubwa kuliko ile aliyonipigia simu kwa furaha! Hapo ndo akanyamaza kidogo.

Kipimo ninachotumia hakihitaji mtaalamu. Pande zikiwa sawa kwa idadi, jumlisha waliofungua, 44 na 52 ni 96, tafuta kipeuo cha pili chake, ni kama 9.8, zidisha kwa 2 upate karibu 20. Tofauti ikiwa chini ya hapo usiseme kitu kimeshinda. Yetu ilikuwa 8. Kipimo hiki ni kikali kidogo kwa namba kama hizi lakini afadhali kikudhulumu kuliko kikudanganye.

Sasa wataniuliza, je ningekuwa na listi kubwa kiasi gani? Kuikamata tofauti ya 22 na 26 bila kubahatisha unataka kama watu 1,800 kila upande, na gesti ya vyumba sita itawatoa wapi? Kwa hiyo mwenye 200 kwa 200 ashindanishe vitu vilivyo mbali kabisa, manake ataona tu tofauti kubwa, kama 20 dhidi ya 32 kwa mia. Kubadilisha neno moja au kuongeza emoji ni kupoteza muda wako.

Njia nyingine ni kurudia shindano lilelile, bei dhidi ya bila bei, kwenye barua 7 na kujumlisha zote. Kama mwendo ungebaki uleule ungepata 308 na 364, tofauti 56, na kipimo kinataka kama 52, hapo naam, tunaongea. Lakini hiyo 7 uiamue kabla hujaanza, usisimame ya tatu kwa vile imekupendeza, na kila barua uwachanganye watu upya. Kwenye jedwali weka hii mbele ya kila jina, panga kwa safu hiyo, nusu ya juu ndo A:

```
=RAND()
```

Usigawe kwa tarehe ya kujiunga, wageni wapya hufungua zaidi, utakuwa umepima nani mgeni mpya, si kichwa.

Dhana: "kufunguliwa" ni mtu kasoma

Hapana. Kinachohesabiwa ni kipicha kidogo kilichofichwa ndani ya barua, na tangu iOS 15 ya Septemba 2021 Apple Mail hukipakua yenyewe kwa aliyewasha kinga ya faragha, hata kama hajagusa barua. Hesabu waliojibu au kuuliza nafasi. Huyu mama alipata majibu 3 kwa A na 7 kwa B, akasema "mara mbili zaidi!", haya pima: jumla 10, kipeuo 3.2, mara 2 ni 6.4, tofauti ni 4. Bado.

Dhana: saa moja baada ya kutuma yatosha kujua nani kashinda

Wa ofisini hufungua asubuhi, wengine baada ya isha. Nasubiri siku 2 kamili, kabla ya hapo siingii hata kuchungulia.

Dhana: mwanzo wa barua hauhusiani na kichwa

Mstari wa kwanza huonekana pembeni ya kichwa kabla barua haijafunguliwa. Nimeona nyingi zinaanza "Kama huoni barua hii vizuri bofya hapa", nafasi yote imeliwa. Ukipima vichwa acha mwanzo uleule pande zote, ukipima mwanzo acha kichwa kilekile, na siku na saa ya kutuma iwe moja. Yule mama mara ya kwanza kabisa alituma A Ijumaa mchana na B Jumatatu, ile nilimwambia aifute kabisa kwenye daftari lake.