Kumwambia bosi ukweli bila kuharibu kazi

Katika kazi yangu ya rasilimali watu, nasikia malalamiko mengi kuhusu wakubwa wa kazi. Nikiuliza kama bosi mwenyewe ameshaambiwa, naambiwa, "Nilishamgusia." Ukichimba kidogo unakuta ulikuwa utani kwenye kikao, bosi akacheka na watu wakaendelea na ajenda. Bosi huyo hajaambiwa kitu.

Chukua mfano wa mchambuzi wa takwimu niliyewahi kumsaidia kujiandaa. Kila mwezi aliandaa ripoti ya mauzo kwa ajili ya bodi. Meneja wake aliisoma usiku wa kuamkia kikao, akatuma marekebisho saa nne usiku. Mwezi mmoja jedwali moja likarekebishwa, jingine linalolitegemea likasahaulika, na mjumbe wa bodi akaona kwamba jumla hazilingani.

Alichotaka kusema kilikuwa hiki: "Bosi, huwa unachelewa sana kusoma ripoti, hujali muda wetu, timu nzima imechoka."

Yote yanaweza kuwa kweli, lakini hapo hakuna sentensi itakayopona. Ukisema "huwa", bosi atakumbuka mwezi ule mmoja aliosoma mapema, na mtabishana kuhusu huo. "Hujali" ni hukumu juu ya moyo wake. Wewe umeona saa ya ujumbe tu, hujauona moyo. Hatari kuliko zote ni "timu nzima". Nia yako ni kuongeza uzito, yeye anasikia kwamba mlikaa kikao cha kumjadili. Kuanzia hapo atatafuta nani alisema nini, na ripoti itasahaulika.

Tukaandika upya. Kwanza ombi: "Bosi, nina jambo kuhusu ripoti ya bodi, nadhani litatuepusha na yale ya mwezi uliopita. Una nafasi sasa, au nije baadaye?" Ombi hili si adabu tu. Mtu aliyechagua mwenyewe muda wa kusikiliza hajihisi ameviziwa.

Kisha jambo lenyewe: "Marekebisho ya mwezi uliopita yalinifikia saa nne usiku. Nilirekebisha jedwali la kwanza, sikupata muda wa kupitia majumlisho, ndiyo maana jumla hazikulingana mbele ya bodi. Naomba nikuletee rasimu siku tatu kabla, tuipitie pamoja dakika ishirini. Au kuna kinachokuchelewesha ambacho mimi sikioni?"

Mpangilio huu wa tukio, kitendo na athari umeenezwa na taasisi ya mafunzo ya uongozi iitwayo Center for Creative Leadership. Mimi naongeza mambo mawili kwa anayezungumza na aliye juu yake. Athari uitaje upande unaomgusa bosi, yaani aibu mbele ya bodi, kabla ya uchovu wako. Na umalizie kwa swali la kweli. Katika kisa hiki swali ndilo lililofungua mambo: meneja naye alikuwa akingoja takwimu za idara ya fedha, zilizokuwa zikimfikia jioni hiyo hiyo. Wakakubaliana sehemu zisizotegemea takwimu hizo zisomwe mapema, ibaki kurasa mbili tu za usiku.

Usiseme siku ile ile ya tukio mkiwa bado mna hasira, wala katika kikao anachokupimia utendaji wako, maana hapo kila neno litaonekana ni kujitetea. Usiandike kwenye simu pia. Ujumbe husomwa kwa sauti ya msomaji, kisha husambazwa.

Bosi akianza kujitetea, usitishike. Karibu kila mtu hujitetea dakika za mwanzo. Akiomba mfano, au akirudi kesho yake na swali, ujue limeingia. Dalili mbaya ni akiuliza, "Nani mwingine anasema hivyo?" Mjibu kwamba unasema uliyoyaona wewe, kisha urudi kwenye ripoti. Wiki zinazofuata angalia kama bado anakuita kwenye vikao na kukupa kazi za maana. Na akibadilika hata nusu, mwambie: "Kuisoma mapema kumenisaidia kukamata kosa kwenye jedwali la pili."

Kuna wakubwa ambao njia hii haiwafai. Kama umeona aliyeleta habari mbaya akihamishwa au akidhalilishwa, usijaribu kwa jambo dogo. Wala fomu ya maoni isiyo na majina usiitegemee sana. Katika timu ya watu wanne, mfano mmoja tu au namna yako ya kuandika inatosha kukutambulisha. Kwa bosi wa namna hiyo, peleka ombi la utaratibu peke yake, "Naomba rasimu tuifunge siku tatu kabla", na yaliyompata mwezi uliopita usiyataje kabisa.