Boksi la nguru kutoka Kilwa hadi Dodoma: yanayoaminika na ukweli wake

Wanaotuma samaki kwa basi kutoka pwani kwenda bara wanaongezeka, na karibu wote wanatumia lile boksi jeupe la stairofomu lililofungwa selotepu pande zote. Samaki wengine hufika salama. Wengine hufika wakiwa na macho yaliyozama na mashavu ya kahawia, na lawama zote humwangukia kondakta. Mara nyingi kondakta hana kosa. Samaki yule alishaharibiwa na jinsi alivyofungwa, hata kabla basi halijawasha injini.

Nitatumia mzigo mmoja kueleza: kilo 10 za nguru kutoka Kilwa Masoko kwenda kwa mteja wa Dodoma. Boksi linafungwa saa 11 alfajiri, basi linaondoka saa 12, na saa 7 mchana liko Mbagala. Hapo bajaji inalihamishia stendi ya Mbezi, ambako basi la Dodoma linaondoka saa 12 jioni. Linafika saa 8 usiku, na mteja analifungua saa 1 asubuhi.

Dhana: "Boksi likiwa zuri, samaki atabaki baridi"

Boksi halitengenezi baridi. Chupa ya chai haichemshi chai, na stairofomu vilevile haipoozi samaki: kazi yake ni kuchelewesha joto la nje lisiingie haraka. Kinachopooza ni barafu peke yake, na barafu ina kiasi chake. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote humeza kilojuli 334 za joto, basi. Ikishaisha, ukuta wa boksi unabaki kuchelewesha joto tu.

Barafu hiyo ina kazi mbili, na watu wengi huipigia hesabu moja. Kazi ya kwanza ni kumtoa samaki kwenye joto alilonalo. Nguru aliyekaa mwaloni hadi akafika nyuzi 28 anabeba, kwa kilo 10, kama kilojuli 1,000 zinazotakiwa kuondolewa ili afike nyuzi sifuri. Hizo ni kilo 3 za barafu. Kazi ya pili ni kupambana na joto linalopenya ukutani njia nzima. Boksi la lita 30 ndani, lenye ukuta wa sentimita 2 na nusu, likiwa ndani ya buti lenye nyuzi 28, hula barafu gramu 280 hivi kila saa.

Sasa tufuate mzigo wetu. Mtumaji kaweka kilo 6 za barafu, kaona zinatosha, karidhika. Kilo 3 zinaondoka mapema kumpooza samaki. Zinabaki 3, ambazo kwa gramu 280 kwa saa zinatosha saa 11 hivi. Kwa hiyo barafu inaisha kama saa 10 jioni, boksi likiwa chini ya benchi pale Mbezi, na basi la pili bado halijaanza hata kupakia. Zimebaki saa 15. Maji ya baridi yatasaidia kidogo, lakini mpaka asubuhi nguru atakuwa amevuka nyuzi 10 zamani.

Angalia tena saa zenyewe. Kati ya saa 26 za boksi hili, 15 tu ni za barabarani. Nyingine 11 limesubiri: kupakiwa, kuhamishwa, kukaa stendi, kukaa ofisi ya mizigo usiku. Basi likisema "Dodoma saa nane", hiyo ni ahadi ya basi. Muda wa samaki unaanza boksi linapofungwa na unakwisha linapofunguliwa.

Mtumaji huyohuyo angefanya mambo mawili tu. Kwanza, angemtia samaki kwenye deli lenye barafu na maji usiku kucha, afungwe akiwa tayari karibu na sifuri. Pili, angeweka kilo 10 za barafu kwa kilo 10 za samaki. Njiani zingeyeyuka kilo 7 na kitu, na mteja angefungua akute barafu kilo mbili na nusu bado imeshika samaki. Kipimo cha kilo kwa kilo ambacho wavuvi wazoefu wanakitumia kina sababu hii. Akiweza kupata boksi lenye ukuta wa sentimita 5, ulaji wa barafu njiani unashuka hadi karibu nusu.

Na usiniamini mimi kuhusu boksi lako, lipime. Pima barafu kilo 5, itie ndani, funga kama utakavyofunga siku ya safari, liache mahali penye joto kwa saa 10. Fungua, mwaga maji, upime barafu iliyobaki. Iliyopungua, gawa kwa 10. Hiyo ndiyo kasi ya boksi lako, na ukishaijua unaweza kumwambia mteja bila kubahatisha ni saa ngapi mzigo wako unaweza kusafiri.

Dhana: "Barafu ya bonge ni bora kwa sababu inakaa muda mrefu"

Inakaa, ni kweli, lakini uliza kwa nini. Bonge linagusa samaki sehemu chache, kwa hiyo halichukui joto lake. Unaweza kufungua boksi ukakuta bonge zima limesimama juu na nguru wa chini ana uvuguvugu. Chupa za maji yaliyogandishwa zina tatizo lilelile, ingawa zinafaa kama nyongeza kando kando.

Inayotakiwa ni barafu iliyopondwa, iguse ngozi kila mahali. Tabaka la kwanza liwe chini, nene kama vidole vitatu au vinne, kwa sababu sakafu ya buti ina joto. Halafu nguru, aliyetolewa matumbo na mashavu, akakatwa vipande viwili ili aenee. Tumbo lijazwe barafu. Pembeni jaza, juu jaza, pasibaki pengo, maana samaki akicheza boksini nyama yake inapasuka. Ndani ya boksi tandika mfuko mzito wa nailoni unaofungwa juu, ili maji yasivujie mizigo ya watu. Kipande kikiwa kwenye mfuko mwembamba hakitalala kwenye maji ya damu, na ubaridi bado utakipata.

Dhana: "Akigandishwa kwenye friza, ukimwekea barafu ya kutosha hatayeyuka"

Hili linawatatiza hata wenye maduka. Samaki aliyegandishwa vizuri yuko nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ya kawaida inayoyeyuka iko sifuri. Ukimzungushia barafu hiyo, umemzungushia kitu chenye joto kuliko yeye, na ataanza kulainika kabla barafu haijaisha. Barafu ya maji ni ya samaki mbichi anayetakiwa kufika mbichi. Aliyegandishwa anataka barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ambayo iko nyuzi 78 chini ya sifuri na haiachi maji.

Barafu kavu nayo ina masharti. Inageuka gesi, kwa hiyo boksi lisizibwe kabisa, litavimba au kupasuka, na isisafirishwe ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, kwa sababu gesi hiyo inafukuza hewa ya kupumua. Kwenye ndege inahesabiwa kama mzigo wa hatari wenye namba UN 1845. Abiria anaruhusiwa kilo 2 na nusu kwa idhini ya shirika la ndege, boksi liwe na njia ya gesi kutoka, na uzito wa barafu hiyo uandikwe juu yake.

Na friza la nyumbani halikusudiwi kugandisha kilo 10 kwa usiku mmoja. Juu patakuwa pagumu kama jiwe, katikati pangali laini.

Dhana: "Ikipungua, tutaongeza barafu Dar"

Kuongeza barafu njiani ni jambo zuri kama ya kwanza haijaisha. Kama imeisha, barafu mpya inasimamisha uharibifu pale ulipofika, hairudishi kitu. Samaki kwenye nyuzi 10 anaharibika kama mara nne ya kasi yake akiwa kwenye barafu. Saa tano za joto hilo ni sawa na kumpunguzia saa 20 za maisha yake, na kwa mteja anayetaka kumuuza siku mbili zaidi hiyo ni hasara kamili.

Kwa nguru kuna jambo zito zaidi, na naomba lisomwe polepole. Nguru, jodari na vibua wana kemikali ya asili iitwayo histidini kwa wingi kwenye nyama. Samaki hawa wakipata joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kugandisha, kukaanga wala kuchemsha. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga, pengine anatapika, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa chache. Wengi hudhani ni mzio. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo, na pua haiwezi kukipima: nguru anaweza kunuka vizuri kabisa akiwa amekipita. Zaidi ya hapo, kimeng'enya cha bakteria kikishatengenezwa kinaendelea na kazi hata samaki akirudishwa kwenye ubaridi. Ndiyo maana zile saa za kwanza, tangu samaki anapokufa hadi anapoguswa na barafu, zina uzito kuliko saa zote za basi.

Dhana: "Nyama haina shida kama samaki"

Ina shida yake. Mnyama aliyechinjwa alfajiri ana joto la mwili karibu nyuzi 38, na nyama hiyo ikifungiwa ya moto kwenye boksi, stairofomu inalinda joto hilo kwa uaminifu uleule. Itundikwe ipoe kwanza kwenye chumba cha baridi. Kanuni za Ulaya zinadai nyama ya ng'ombe au mbuzi isizidi nyuzi 7 hadi ndani, na maini na figo zisizidi 3. Barafu isiiguse moja kwa moja, maana maji huifanya iwe nyeupe na kuteleza. Hapa chupa zilizogandishwa ndizo zinazofaa.

Dhana: "Barafu ikionekana juu, mzigo umefika salama"

Mteja wa Dodoma asisaini kwa kutazama juu. Aingize mkono hadi chini. Barafu ikiwepo chini na pembeni, imegusana na samaki, basi nguru amekaa karibu na sifuri njia nzima. Ikiwa juu kuna barafu ngumu yenye kona kali na chini kuna maji yasiyo baridi, huenda imeongezwa dakika za mwisho. Achome kipimajoto kwenye sehemu nene karibu na uti wa mgongo, asubiri namba itulie. Sifuri hadi 4, apokee. Ikizidi hapo kwa nguru au jodari, na hakuna anayeweza kusema barafu iliisha saa ngapi, arudishe mzigo, hata kama macho yake bado yanang'aa.