Chakula cha mchana kikitoka usiku: maswali kuhusu kutapika na tumbo linalochelewa

Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa kumi na sita. Anakula wali na maharage saa saba mchana, saa nne usiku anautapika wali ule ule, punje zinaonekana. Chakula kinakaa wapi muda wote huo?

Kimebaki kwenye mfuko wa chakula, na kimekaa kupita kiasi. Mtu mzima asiye na tatizo akila mlo wa kawaida, baada ya saa mbili hivi karibu nusu ya chakula kigumu huwa kimeshashuka kwenye utumbo mwembamba. Zikifika saa nne, kinachobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi. Mama amekaa nacho saa tisa.

Sehemu ya juu ya tumbo kazi yake ni kulegea na kupokea. Sehemu ya chini hujikaza kwa mawimbi, kama matatu kwa dakika, na kukisukuma chakula kuelekea mlango wa kutokea. Mlango huo ni kama chekeche: hupitisha rojo na vipande visivyozidi milimita moja au mbili, vikubwa vinarudi kusagwa tena. Ndiyo maana chakula kigumu hukaa kama nusu saa kwanza kabla hakijaanza kushuka, ilhali nusu ya glasi ya maji inaweza kuwa imeondoka kwa dakika ishirini.

Anayesimamia kazi hiyo ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo, ikisaidiana na seli za kwenye ukuta wa tumbo zinazoanzisha mawimbi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huziharibu zote mbili, kwa namna ile ile inavyoharibu neva za miguu. Muulize mama kama nyayo zinamwaka moto au zina ganzi, na kama anashiba baada ya matonge machache. Majibu yakiwa ndiyo, nina wasiwasi na gastroparesisi, yaani tumbo limekosa nguvu ya kusukuma ingawa njia iko wazi.

Lakini asianze kutibiwa kwa kukisia. Kidonda cha tumbo kilichoacha kovu kwenye mlango ule, au saratani, huziba njia na kuleta kutapika kwa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kipimo cha kamera kinatangulia. Figo zilizochoka na sukari iliyopanda sana navyo hutapisha, ndiyo maana atapimwa damu na mkojo pia.

Kinachotuchanganya ni sukari. Anachoma insulini, anakula, saa moja na nusu baadaye anatetemeka na mashine inasoma 3.1. Usiku inafika 17. Kaka yangu anataka tumuongezee dozi.

Msimuongezee bila daktari wake, tafadhali. Dozi huenda haina kosa, ila chakula na dawa havikutani.

Insulini ya kawaida huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa, na nguvu yake huwa kubwa kati ya saa mbili na saa nne baada ya sindano. Imetarajiwa kwamba wali utakuwa unashuka na kugeuka sukari wakati huo huo. Kwa mama, wali bado uko tumboni. Insulini inaikuta sukari iliyomo kwenye damu na kuishusha, anatetemeka. Jioni nguvu ya sindano imepungua, ndipo wali unaposhuka kidogo kidogo na sukari inapanda bila wa kuizuia. Mkiongeza dozi kwa sababu ya ile 17, kesho mchana atashuka chini ya 3.1, na anaweza kupoteza fahamu.

Kuna mzunguko mwingine ndani yake: sukari ikiwa juu, yenyewe hulichelewesha tumbo, hata kwa mtu ambaye neva zake ni nzima. Andikeni kwa wiki moja saa ya sindano, saa ya kula, kipimo kabla ya kula, saa mbili baada ya kula na kabla ya kulala, na kila alipotapika. Daktari akiliona daftari hilo anaweza kusogeza muda wa sindano au kubadili aina ya insulini.

Akishuka chini ya 3.9, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, mpimeni tena baada ya dakika kumi na tano, na mrudie kama haijapanda. Msimpe chokoleti wala biskuti, kwa sababu mafuta yake yatachelewesha ile sukari mnayoingoja. Akiwa hajitambui asipewe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mbona uji unakaa tumboni lakini chapati inarudi? Ni chakula gani kinaharakisha tumbo, kipi kinachelewesha?

Utumbo mwembamba ndio wenye sauti kubwa hapa kuliko tumbo lenyewe. Kila rojo inapoingia, utumbo huionja. Ukikuta mafuta, hutoa homoni ziitwazo kolesistokinini na GLP-1, ambazo hulegeza tumbo na kubana mlango: subiri kwanza, niyeyushe haya. Asidi nyingi au sukari iliyokolea sana huleta amri hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba tumbo huachia nishati kwa kipimo, takriban kilokalori mbili hadi tatu kwa dakika, haidhuru umekula nini. Chapati ya mafuta ina nishati nyingi na inahitaji kusagwa. Uji mwepesi hauhitaji kusagwa, na chini ya chekeche haukutani na breki kali.

Mlo wa mama uende upande huo. Sahani moja kubwa igawanywe mara tano au sita kwa siku. Mafuta na nazi nzito vipungue, nyama iwe ya kusaga au samaki aliyechambuliwa, na siku tumbo linapokuwa baya, supu na vyakula vilivyopondwa. Jambo linalowashangaza wengi ni mboga na matunda yenye nyuzi: maganda ya maharage, kisamvu, nyama nyeupe ya machungwa. Kwa wengine tunayasifia, lakini yeye yatamganda. Kwa kawaida, mtu akiwa hajala, kila dakika 90 hadi 120 hupita wimbi kali la usafi linalofagia mabaki makubwa. Kisukari mara nyingi hulifuta wimbi hilo, na nyuzi zikijikusanya huwa donge gumu lisilotoka.

Akishakula akae wima au atembee uani taratibu, asilale kwa saa mbili. Wasiwasi, maumivu na hofu navyo hulifunga tumbo.

Siku nyingine tumbo ni tupu kabisa, bado anatapika, anatoa maji ya kijani. Hayo yanatoka wapi?

Ni nyongo. Tunadhani ni tumbo linalojitapisha, kumbe tumbo wakati huo limelegea. Mwaka 1813 Mfaransa François Magendie alimtoa mbwa tumbo na kuweka kibofu cha nguruwe mahali pake, kisha akamdunga dawa ya kutapisha, mbwa alitapika.

Amri hutoka kwenye shina la ubongo. Taarifa huifikia kwa njia nne: kutoka tumboni na utumboni kupitia vagasi, kutoka kwenye sikio la ndani, kama kwenye boti, kutoka kwenye hisia na harufu, na kutoka kwenye kieneo kidogo cha ubongo kinachoitwa area postrema, ambacho hakina ule ukuta unaoikinga sehemu kubwa ya ubongo na vitu vilivyomo kwenye damu, kwa hiyo huonja sumu na dawa moja kwa moja.

Kwanza huja kichefuchefu, mate hujaa, jasho jembamba hutoka. Kisha wimbi moja kubwa huanzia katikati ya utumbo mwembamba na kurudi kinyumenyume mpaka tumboni. Hilo ndilo linalobeba nyongo. Mtu huvuta pumzi, koo la hewa hujifunga, halafu msuli wa kupumulia na misuli ya tumbo hukaza pamoja, na vilivyomo hupanda.

Rangi hiyo inasaidia kujua ugonjwa. Ukijani unaonyesha kwamba mlango kati ya tumbo na utumbo unapitika. Anayetapika chakula cha jana kila mara bila chembe ya kijani, njia yake huenda imeziba. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti: matapishi ya kijani kibichi ni dharura siku hiyo hiyo, maana utumbo unaweza kuwa umejisokota. Kwa mama, damu, matapishi kama unga wa kahawa, maumivu makali yasiyoachia, au pumzi nzito yenye harufu ya tunda havingoji asubuhi.

Duka la dawa walitupa Buskopan, ikawa mbaya zaidi. Plasil ikamsaidia. Si zote ni za tumbo?

Zinavuta pande tofauti. Buskopan hutuliza msokoto kwa kulegeza misuli, na tumbo lake tayari limelegea. Amitriptilini, tramado, kodeini na mofini nazo hulichelewesha, vivyo hivyo sindano mpya za kupunguza uzito kama semaglutaidi, ambazo zinaiga ile homoni ya GLP-1. Pelekeni dawa zake zote kliniki zikiwa kwenye mfuko, zikiwemo za miguu.

Plasil ni metoklopramaidi. Huzuia amri ya kutapika na pia hulisukuma tumbo, ndiyo maana aliona nafuu. Isitumiwe miezi na miezi bila usimamizi: inaweza kuleta kukakamaa kwa shingo na macho, na ikikaa muda mrefu, midomo na ulimi kuchezacheza bila hiari, hali ambayo huenda isiondoke hata dawa ikiachwa. Domperidoni hugusa zaidi mapigo ya moyo. Erithromaisini, antibayotiki, kwa dozi ndogo huamsha lile wimbi la usafi, lakini baada ya wiki chache mwili huizoea.

Atafanyiwa upasuaji wa mguu kwa usingizi. Wamesema chai ya rangi anaweza kunywa mpaka saa mbili kabla, ya maziwa hapana. Kuna tofauti gani?

Maziwa yakikutana na asidi ya tumbo huganda, yanakuwa chakula kigumu chenye mafuta. Ndiyo maana huhesabiwa saa sita, sawa na mlo mwepesi. Vyakula vya mafuta saa nane au zaidi. Chini ya dawa ya usingizi koo la hewa halijifungi tena, na kinachopanda kinaweza kuingia mapafuni.

Lakini saa hizo zimepangwa kwa tumbo linalofanya kazi. Kwa mama hazitoshi kumlinda. Mwambieni daktari wa usingizi mapema, siyo mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kwamba anatapika chakula cha saa tisa nyuma. Anaweza kumweka kwenye vinywaji tu tangu siku iliyotangulia, kuliangalia tumbo kwa ultrasaundi, au kuchagua ganzi ya mgongoni badala ya usingizi.